Rula Inapodanganya kwenye Grafu

Chukua grafu iliyochapwa kwenye karatasi ya mtihani. Mhimili wa x umelala, mhimili wa y umesimama, na zimewekwa nukta mbili: A yenye majira (−2, 1) na B yenye majira (4, 9). Mwanafunzi anatakiwa kutafuta umbali kutoka A hadi B, nukta iliyo katikati yao, na mteremko wa mstari AB. Rula iko mkononi, mstari uko mbele ya macho, na wengi hushawishika kupima tu. Lakini tuseme mtahini ameweka skeli mbili tofauti: kwenye mhimili wa x kila sentimita ni kizio 1, na kwenye mhimili wa y kila sentimita ni vizio 2. Hili ni jambo la kawaida, kwa sababu bila kufanya hivyo huenda nukta zisienee kwenye karatasi.

Tuanze na umbali. Kutoka A, nenda kulia mpaka uwe chini ya B, kisha panda moja kwa moja. Kwenda kulia ni kutoka −2 hadi 4, yaani vizio 6. Kupanda ni kutoka 1 hadi 9, yaani vizio 8. Umepata pembetatu mraba, na AB ndio upande wake mrefu. Kwa kanuni ya Pythagoras, 36 na 64 ni 100, na kipeuo cha pili cha 100 ni 10. Umbali ni vizio 10.

Rula inasema vingine. Kwenye karatasi umekwenda kulia sentimita 6, lakini umepanda sentimita 4 tu, hivyo mstari una urefu wa sentimita 7.2 hivi. Ukisema kila sentimita ni kizio 1, unapata 7.2. Ukisema ni vizio 2, unapata 14.4. Hakuna hata moja inayokaribia 10, kwa kuwa mstari uliolala mshazari haufuati skeli ya mhimili wowote kati ya hiyo miwili.

Mteremko nao unapotoka vivyo hivyo. Ni kiasi cha kupanda kugawanya kwa kiasi cha kwenda kulia: 8 kwa 6, yaani 4/3. Anayehesabu miraba ya sentimita bila kusoma namba zilizoandikwa kwenye mihimili ataandika 4 kwa 6, yaani 2/3, nusu ya jibu. Jicho pia litamuunga mkono, kwani kwenye karatasi mstari unaonekana umelala chini ya nyuzi 45, ilhali mteremko unaozidi 1 tungetarajia usimame zaidi ya hapo.

Nukta ya katikati, hata hivyo, haidhuriki, na hapo ndipo swali hili linaponivutia zaidi. Kwa hesabu, jumlisha majira ya x ugawanye kwa 2: −2 na 4 ni 2, nusu yake 1. Kwa y, 1 na 9 ni 10, nusu yake 5. Jibu ni (1, 5). Sasa pima kwa rula nusu ya mstari, sentimita 3.6 kutoka A: unaangukia palepale. Kuubana mhimili mmoja hubadili urefu, lakini nusu hubaki nusu: sentimita 3 kulia na 2 juu ni vizio 3 na vizio 4, na kutoka A vinakufikisha (1, 5).

Makosa mengine hutokana na alama hasi. Wapo wanaotoa 4 − 2 wakapata 2, wakisahau kwamba ni 4 − (−2). Vihesabu vizio kwenye mhimili na utaona ni 6. Wengine huanza na B kwa y na A kwa x, wakapata −4/3. Hapo grafu inafaa kuamulia: mstari unaopanda kuelekea kulia hauwezi kuwa na mteremko hasi.

Mtego wa skeli hauishii hapo. Tuseme kipengele cha nne kinataka mstari unaopita (1, 5) na kuikata AB kwa pembe mraba. Mteremko wake ni −3/4, kwa sababu 4/3 mara −3/4 ni −1. Uchore kwa usahihi kwenye grafu hii, kisha weka kipimapembe: kitaonyesha karibu nyuzi 126 upande mmoja na 54 upande wa pili. Mwanafunzi akiufuta mstari huo ili apate nyuzi 90 za karatasi, atakuwa amefuta jibu sahihi.