Diski kubwa kwenye grenda ndogo

Geti lilikuwa limelazwa juu ya mapipa mawili, na kijana wa karakana anahangaika na bomba nene la pembeni. Diski ya inchi 4 na nusu haikufika kulikata hadi chini. Akaichomoa, akalegeza skrubu ya kava, kava akaliweka kando, kisha akafunga diski ya inchi 9, ile ya grenda kubwa. Ilikaa vizuri, maana tundu la katikati la diski zote mbili ni la milimita 22 na kidogo. Nikasogea nyuma ya ukuta.

"Mzee, mbona unakimbia? Nimeitumia hivi tangu mwaka jana."

Nikamwomba azime umeme, tusome maandishi. Kibandiko cha grenda kilisema 11,000 min⁻¹, yaani mizunguko 11,000 kwa dakika mashine isipobebeshwa kazi. Diski ilikuwa na namba mbili: 80 m/s na 6,650 RPM. Kwa kulinganisha hizo za mizunguko tu, jibu limepatikana. Lakini kijana alitaka kujua kwa nini diski ndogo, iliyotengenezwa kwa vitu vilevile, inaruhusiwa kwenda mbio zaidi.

Sababu ni ukingo. Watoto wakishikana mikono na kuizunguka nguzo, wa ndani anatembea taratibu huku wa nje anatimua mbio, ingawa wote wanamaliza mzunguko pamoja. Kinachoipa diski shida ni mwendo wa yule wa nje, na hiyo 80 m/s ndiyo mwisho wake: mita 80 kwa sekunde, sawa na kilomita 288 kwa saa.

Tukapiga hesabu kwa chaki kwenye bati. Diski ya inchi 9 ina kipenyo cha milimita 230, au mita 0.23. Zidisha kwa 3.14, mzingo unakuwa mita 0.72. Mizunguko 11,000 kwa dakika, ukigawa kwa 60, ni kama 183 kwa sekunde. Kwa hiyo kila sekunde ukingo unasafiri 0.72 mara 183, karibu mita 132. Diski ndogo ya milimita 115 kwenye grenda hiyohiyo inapata mita 66, na inabaki chini ya 80 bila wasiwasi.

Hiyo 132 inatisha kuliko inavyoonekana, kwa sababu nguvu inayoivuta diski kutoka katikati haikui sambamba na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Hapa mwendo umepita kikomo kwa mara 1.65, hivyo diski inavutwa kwa nguvu ya karibu mara 2.7 ya ile iliyoruhusiwa. Na kava, kitu pekee cha kuzuia vipande, liko chini mchangani.

Basi mwaka mzima huo alinusurikaje? Kiwandani diski huachiwa akiba juu ya kikomo kilichoandikwa. Alikuwa anaila akiba hiyo. Diski ni chembe ngumu zilizoshikwa na resini, na ndani yake kuna wavu wa nyuzi za kioo. Ikidondoka, ikipata unyevu, ikitumiwa kusagia kwa ubavu au ikipita tarehe iliyogongwa kwenye pete ya chuma ya katikati, akiba inapungua bila dalili ya nje. Siku ya kupasuka hufanana na siku nyingine.

"Ya inchi 7 je?" Inatoa mita 104. Imekataa. "Ya inchi 5?" Mita 72, kwa hesabu imepita; ila haienei ndani ya kava la grenda yake, kwa hiyo nayo imekataa. Akaligeuza bomba, akalimalizia kwa diski ndogo upande wa pili.

Kwenye kona kulikuwa na mashine ya kunolea waliyojiundia: mota ya mizunguko 1,440, puli, mkanda na jiwe la milimita 200 lenye kikomo cha 35 m/s. Hiyo haina kibandiko, lakini kipimo ni rahisi: zidisha mizunguko ya mota kwa kipenyo cha puli yake, gawa kwa kipenyo cha puli ya mhimili. Puli ya mota ni milimita 200, na ya mhimili ilikuwa 100, kwa hiyo jiwe lilizunguka mara 2,880 kwa dakika, ukingo mita 30 kwa sekunde. Sawa kabisa.

Kisha jiwe likalika hadi milimita 140. Mwendo wa ukingo ukashuka hadi mita 21, likawa zito kunoa, na fundi mkuu akaweka puli ya mhimili ya milimita 70. Mizunguko ikapanda hadi kama 4,100. Kwa jiwe lililolika hapakuwa na hatari, ukingo ulirudi kwenye mita 30. Kwa jiwe jipya la milimita 200 ni mita 43. Nilipoinama kutazama, puli ndogo ilikuwa bado kwenye mhimili, na jiwe jipya likisubiri ndani ya boksi chini ya benchi.