Barua ya Baada ya Kikao

Mwekezaji aliyesikiliza kampuni sita kwa siku moja huanza kuchanganya takwimu zao. Ndiyo maana barua ya shukrani inafaa kumfikia ndani ya saa 24, bila kuzidi ukurasa mmoja.

Tuseme kampuni ya kupoza maziwa inaomba dola 150,000. Shukrani inatosha sentensi moja; kisha yafuate tatizo la wafugaji, mapato ya mwezi, na fedha zitakavyotumika. Slaidi ikionyesha mapato ya dola 8,000 na barua ikasema 9,000, mwekezaji makini atashtuka.

Kiini chenyewe ni swali lililobaki bila jibu kikaoni. Aliyeuliza, “Umeme ukikatika je?” aelezwe tangi hutunza baridi kwa saa ngapi, na ripoti ya majaribio iambatanishwe. Kisha barua ipendekeze tarehe ya kukutana tena.