Friji Haigandishi: Barua ya Siku ya Kwanza

Mteja wa Mbeya amenunua friji Kariakoo. Ameikabidhi kwenye ofisi ya mizigo jijini Dar es Salaam, amelipa gharama na kupewa stakabadhi. Mzigo unapofika anaukodia kirikuu hadi nyumbani, anaichomeka friji, taa inawaka na mashine inanguruma, ila hata maji hayapati ubaridi. Jumatatu tarehe 6, saa kumi jioni, anaitumia kampuni ujumbe wenye picha tatu na maneno makali: wamemharibia friji, anataka fedha zake.

Mfano huu ni wa kutungwa, lakini kila karani wa mizigo ataujua. Ataijua pia mikono miwili inayomvuta pale anapousoma ujumbe. Mmoja unamwambia ajibu kwamba kampuni ina madereva wazoefu na haijawahi kuharibu friji ya mtu. Mwingine unamwambia amtulize mama wa watu kwa kuahidi kwamba watamlipa. Majibu yote mawili yanadai kujua jambo ambalo saa hiyo hakuna anayelijua: friji imeharibikia wapi.

Na kweli haijulikani. Ndani ya kompresa ya friji kuna mafuta. Friji ikilazwa safarini, mafuta hayo huweza kutambaa na kuingia kwenye mabomba, ndiyo maana mafundi husema isimame wima kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Iliyolala muda mrefu huachwa hata siku nzima. Huenda wapakiaji waliilaza chini ya magunia. Huenda ilisimama vizuri hadi Mbeya, ikalazwa kwenye kirikuu kwa dakika ishirini na kuchomekwa mara tu ilipoingia ndani. Huenda bomba lilipasuka kwa kishindo, gesi ikavuja. Na huenda ilitoka dukani ikiwa mbovu. Dalili ni ileile kwa mteja, lakini anayepaswa kuwajibika si yuleyule.

Kwa nini basi kampuni ijibu ndani ya siku moja, wakati haina jibu? Kwanza, mtu aliyelalamika asiposikia lolote huamini amepuuzwa, na kesho yake atakuwa ameshaita fundi wa mtaani. Fundi huyo akikata bomba na kujaza gesi upya, ushahidi uliokuwa ndani ya friji umekwisha, na hilo ni hasara kwa mteja kuliko kwa kampuni. Pili, kamera za ofisi ya mizigo hurekodi juu ya picha za zamani baada ya muda. Picha za upakiaji zisipotengwa mapema, zitafutika zenyewe bila mtu kuwa na nia mbaya. Mwongozo wa kimataifa wa kushughulikia malalamiko, ISO 10002, nao unataka mlalamikaji ajulishwe mara moja kwamba malalamiko yake yamepokelewa.

Basi Jumanne kabla ya saa kumi jioni, mteja apate maandishi haya:

“Ndugu mteja, tumepokea malalamiko yako ya jana tarehe 6 kuhusu friji iliyosafiri kwa stakabadhi namba 0417. Umetueleza kuwa inawaka lakini haigandishi, na kwamba ubavuni upande wa chini kuna sehemu iliyobonyea. Pole kwa usumbufu huu. Chanzo bado hakijajulikana, na tumeanza kukichunguza. Leo tunatenga picha za kamera na daftari la upakiaji na upakuaji. Alhamisi tarehe 9 tutawahoji waliosafiri na mzigo. Ijumaa tarehe 10, saa tatu asubuhi, fundi atakuja kuikagua friji nyumbani kwako. Gharama yake ni yetu, matokeo yawe yoyote. Jibu letu kwa maandishi utalipata kabla ya saa kumi jioni, Jumatano tarehe 15. Tunakuomba uichomoe friji na usiifungue mpaka ikaguliwe.”

Chini yake liwepo jina la mtu mmoja anayeshika shauri hilo, na namba yake ya simu.

Tazama maneno “umetueleza kuwa”. Yanaonyesha kwamba kampuni imemsikia mteja sawasawa, bila kusema kwamba kubonyea huko kumetokea mikononi mwake. Pole nayo inahusu usumbufu, ambao haubishaniwi: mtu ana friji isiyofanya kazi. Kama ingeandikwa “tunaomba radhi kwa kukuharibia friji”, huko kungekuwa kukiri, na maandishi hayo yangeweza kuwekwa mezani kama ushahidi siku shauri likifika mbali. Kuna jambo jingine ambalo makarani wengi hawaambiwi. Mikataba mingi ya bima ya mizigo humkataza mwenye bima kukubali kosa au kuahidi malipo kabla kampuni ya bima haijaridhia. Ahadi moja ya huruma kwenye simu yaweza kuwa sababu ya bima kugoma kulipa, na mteja akabaki akizungushwa baina ya watu wawili.

Lakini kutokiri si kukana. Barua inayoongeza kwamba “huenda uliiwasha mapema” imeshamhukumu mteja. Swali la saa ngapi aliiwasha ni halali kabisa. Aliulize fundi, siku ya ukaguzi, kama anavyouliza mengine.

Tarehe ya jibu haichaguliwi kwa kukisia. Lori limeendelea Tunduma na halirudi Dar es Salaam kabla ya Alhamisi. Fundi ana nafasi Ijumaa, na ripoti yake itafika Jumamosi. Watu wa bima waachiwe Jumatatu na Jumanne. Kwa hiyo Jumatano ndiyo siku ya mapema ambayo kampuni inaweza kuisimamia. Kuandika “hivi karibuni” ni kumwachia mteja kazi ya kupiga simu kila asubuhi, na kuahidi Ijumaa ili kumfurahisha ni kujitafutia malalamiko ya pili. Ikiwa lori litaharibika njiani na hatua moja kuchelewa, mteja aambiwe kabla ya tarehe 15, apewe sababu na tarehe mpya.

Siku ya ukaguzi, fundi hutafuta alama. Utelezi wa mafuta kwenye maungio ya bomba, karibu na pale ubavu ulipobonyea, huashiria gesi imevujia hapo, huenda kwa sababu ya kishindo. Kompresa iliyoungua ni ngumu zaidi: haisemi iliunguzwa na nini, kwa kuwa hata umeme unaopanda na kushuka huiunguza. Hapo ndipo maandishi ya siku ya kupokea mzigo yanapokuwa na uzito. Kama kwenye stakabadhi, wakati wa kuchukua friji, aliandika kwamba imebonyea, shauri lake limepata mguu. Kama alisaini kwamba imepokewa salama, hajafungiwa mlango, ila itabidi picha za kamera zimsemee.

Yawezekana tarehe 15 ikafika na chanzo kisipatikane. Jibu litolewe vilevile siku hiyo: kilichoangaliwa, kilichoonekana, kisichoweza kuthibitishwa, na kampuni inaamua nini juu yake. Inaweza kulipa yote, kulipa nusu bila kukiri, au kukataa na kutaja sababu. Ikikataa, imweleze mteja pa kwenda asiporidhika. Kwa Tanzania, Tume ya Ushindani ni mojawapo ya taasisi zenye jukumu la kumlinda mlaji. Ripoti ya fundi iambatishwe nzima, pamoja na kurasa zisizoipendeza kampuni.