Kodi isizidi 50,000: ni mishahara ipi?

Kodi ya mshahara (PAYE) ya Tanzania Bara haina fomula moja. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2021, kipato cha mwezi kisichozidi shilingi 270,000 hakitozwi kitu. Kikipita hapo hadi 520,000, kodi ni asilimia 8 ya kinachozidi 270,000. Kikipita 520,000 hadi 760,000, kodi ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Kutoka hapo hadi 1,000,000 ni 68,000 na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, na juu ya milioni ni 128,000 na asilimia 30 ya kinachozidi. Kipato hicho ni kile kinachobaki baada ya kutoa mchango wa hifadhi ya jamii.

Hii ni fanksheni ya vipande: kila kipande kina fomula yake na mipaka yake. Kumpigia mtu kodi yake ni rahisi, maana mshahara wake unakuonyesha fomula ya kutumia. Ugumu unaanza swali likigeuzwa: ni vipato vipi ambavyo kodi yake haizidi 50,000? Sasa kipato chenyewe ndicho kinachotafutwa, kwa hiyo hujui ushike fomula ipi. Dawa yake ni kuvipitia vipande vyote kimoja kimoja, na katika kila kimoja kuuliza maswali mawili: fomula inasema nini, na mipaka inaruhusu nini?

Tuite kipato x. Kipande cha kwanza hakina kodi, hivyo chote kinaingia. Katika cha pili tunaandika 0.08(x − 270,000) ≤ 50,000, na tukikokotoa tunapata x ≤ 895,000. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wakaandika 895,000 kuwa jibu. Lakini fomula hii haina mamlaka kupita 520,000. Inachotuambia ni kwamba kila kipato kilicho katika kipande hiki kinakubalika, basi. Mwenye 895,000 yuko kipande cha nne, na kodi yake halisi ni 101,750.

Kipande cha tatu kinatoa 20,000 + 0.2(x − 520,000) ≤ 50,000, yaani x ≤ 670,000. Namba hiyo iko ndani ya mipaka, kwa hiyo tunachukua sehemu tu ya kipande: kuanzia juu ya 520,000 hadi 670,000. Cha nne kinatoa x ≤ 688,000, ilhali chenyewe kinaanza juu ya 760,000. Hakuna namba inayotimiza masharti yote mawili, hivyo kipande hiki hakitoi kitu. Cha tano nacho ni bure, kwa kuwa kodi yake inaanzia 128,000.

Sasa tunaunganisha: kipande cha kwanza chote, cha pili chote, na sehemu ya cha tatu. Jibu ni kila kipato kisichozidi 670,000.

Hapa vipande vimeshikana kwa sababu kodi inapanda bila kuruka. Si kila mara huwa hivyo. Chukua duka linalouza mchele kwa shilingi 3,000 kwa kilo ukinunua pungufu ya kilo 20, na 2,500 kwa kilo zote ukinunua 20 au zaidi. Una 54,000. Kwa bei ya rejareja, 3,000x ≤ 54,000 inatoa x ≤ 18, na 18 iko chini ya 20. Kwa bei ya jumla, 2,500x ≤ 54,000 inatoa x ≤ 21.6, na mpaka unadai x isipungue 20. Jibu basi ni hadi kilo 18, au kuanzia 20 hadi 21.6. Katikati kuna pengo: kilo 19 zinagharimu 57,000, huziwezi, ingawa kilo 20 za 50,000 unaziweza.

Pengo hilo ndilo linaloonyesha tofauti ya “na” na “au”. Ndani ya kipande tunatumia “na”: fomula itimie na mpaka utimie. Kati ya kipande na kipande tunatumia “au”. Aliyesahau mpaka ataandika x ≤ 21.6 na kuziingiza kilo 19. Aliyeweka “na” kati ya vipande atatafuta namba iliyo chini ya 20 na papo hapo isiyopungua 20, aseme jibu hakuna.

Ukimaliza, chagua namba moja ndani ya kila sehemu ya jibu, na nyingine nje yake, uzirudishe kwenye fomula ya kipande chake. Usiache kupima namba za mpakani, kama 20 ya dukani, kwa sababu huko ndiko fomula inakobadilika.