Wiki ya Mkaguzi

Kampuni ya Tanzania inayofunga mwaka 31 Desemba hupeleka ritani ya kodi ya mapato kufikia 30 Juni, ikiwa na hesabu zilizokaguliwa. Kwa hiyo wahasibu wengi humkaribisha mkaguzi wa nje mwezi Machi. Siku zinazofaa ni kati ya tarehe 8 na 19: makato ya kodi ya mishahara hulipwa kufikia tarehe 7, na ritani ya VAT hupelekwa kufikia tarehe 20.

Kuhesabu bidhaa ghalani hakungoji Machi. Mkaguzi hualikwa kushuhudia mwisho wa Desemba.

Kabla hajafika, huandaliwa urari, daftari kuu, taarifa za benki na usuluhishi wake, orodha za wadaiwa na wadai, rejista ya mali, mikataba na mihtasari ya bodi.

Kinachokwamisha kazi mara nyingi ni jumla zisizolingana. Tuseme orodha ya wadaiwa inasoma shilingi milioni 48, daftari kuu milioni 50. Mhasibu akifuatilia, huenda akakuta malipo ya milioni 2 yamepunguzwa kwenye akaunti ya mteja lakini hayakuingizwa daftari kuu. Kosa hilo likirekebishwa mapema, mkaguzi huanza moja kwa moja kupima stakabadhi.