Data za Wateja (2): Oda Iliyoghairiwa Haijafutwa

Wiki iliyopita tuliona jinsi duka la mtandaoni linavyopanga majedwali yake ya wateja na oda. Leo tuangalie mambo mawili ambayo mifumo mingi huyachanganya: mteja kughairi oda, na mteja kuomba taarifa zake ziondolewe.

Waandaaji programu huogopa kufuta mstari moja kwa moja kwenye hifadhidata, na wana haki. Mtu akikosea, kuurudisha ni kazi kubwa. Badala yake huongeza safu iitwayo `deleted_at`. Safu hiyo ikiwa tupu, mstari ni hai. Ikiwekwa tarehe na saa, mfumo unauficha. Huku tukuite kufuta kwa alama. Jina, simu na anwani ya mteja bado vipo vilevile, na yeyote mwenye ruhusa ya kuingia kwenye hifadhidata anaweza kuvisoma.

Oda iliyoghairiwa haifai kuwekewa alama hiyo. Kughairi ni tukio la biashara, na mahali pake ni safu ya hali: `status = 'cancelled'`, pamoja na tarehe na sababu. Oda ikifichwa, mhasibu ataona fedha zilizorudishwa kwa mteja bila kujua zilitokana na nini, na mtu wa stoo hatajua kwa nini jozi ya viatu imerudi rafuni.

Tuchukue duka la viatu la Nairobi. Mteja aliagiza Machi 2025, akalipa kwa M-Pesa, akaghairi kesho yake na kurudishiwa fedha. Miezi mitatu baadaye anaomba taarifa zake zote zifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa haki ya kuomba hivyo, na kifungu cha 39 kinakataza kuweka taarifa binafsi kupita muda unaohitajika. Lakini Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu kwa miaka 5 baada ya kipindi cha kodi kinachohusika. Kwa mapato ya mwaka ulioishia Desemba 2025, hiyo ni hadi mwisho wa 2030.

Sheria hizi mbili hazigombani kama majedwali yamepangwa vizuri. Akaunti ya mteja, anwani zake na orodha ya viatu alivyovipenda viondolewe. Kumbukumbu za malipo na marejesho zibaki, zikiwa na yale tu ambayo hesabu za kodi zinayahitaji, na zifunguliwe na mhasibu pekee. Kama oda ingeghairiwa kabla ya kulipwa, hakuna fedha ambayo ingepita, na duka lingeweza kujiwekea muda mfupi, tuseme siku 90.

Sasa mtego unaonitia wasiwasi kuliko yote. Namba ya simu isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni na kuuziwa mtu mwingine. Mtu huyo akija kujisajili, hifadhidata inayodai kila namba iwe ya pekee itamkataa, kwa sababu mstari wa mmiliki wa zamani aliyeomba kufutwa bado upo, umefichwa tu. Waandaaji wengine hutatua hili kwa kuufufua mstari wa zamani. Matokeo yake, mgeni anafungua akaunti na kukuta anwani ya nyumbani na oda za mtu asiyemjua. Kwenye PostgreSQL, dawa ni kuondoa sharti la upekee la zamani na kuweka upekee kwa mistari hai pekee:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX wateja_simu_hai
  ON wateja (simu)
  WHERE deleted_at IS NULL;
```

Hapo mteja mpya anapata mstari wake mpya, na wa zamani unabaki umefichwa ukisubiri kuondolewa.

Nao usisubiri milele. Kufuta kwa alama kunafaa kama muda wa kujirudi tu, kwa mfano siku 30, na baada ya hapo kazi inayojiendesha kila usiku ifute mstari kabisa, au ivue jina, simu na anwani pale ambapo oda yenyewe inapaswa kubaki. Kazi hii ndiyo hukwama kimyakimya. Duka linaendelea kuuza kama kawaida, na hakuna mteja anayelalamika kwa kitu asichokiona.

Ukitaka kujua kama inafanya kazi kwenu, mwombe mtaalamu wenu aendeshe mstari huu mmoja:

```sql
SELECT min(deleted_at) FROM wateja WHERE simu IS NOT NULL;
```

Kanuni yenu ikisema siku 30 na jibu likawa tarehe ya mwaka 2021, basi tangu wakati huo kuna taarifa za wateja zilizofichwa tu ambazo zilipaswa kuwa zimeondolewa.

Wiki ijayo tutaingia kwenye nakala rudufu, ambako mteja aliyefutwa kabisa leo huweza kurudi siku hifadhidata inaporejeshwa kutoka nakala ya jana.