Nyangumi Anayeshona Chembe Zake

Mwaka 2007, wawindaji wa Kiinupiati wa Alaska walipompasua nyangumi waliyemvua walikuta kipande cha chuma shingoni mwake. Kilikuwa kichwa cha kombora la kuwindia, la aina iliyotengenezwa New Bedford, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Mnyama huyo alikuwa ametembea na chuma kile kwa zaidi ya miaka 100.

Ni nyangumi kichwa-upinde, aishiye kwenye barafu ya Aktiki. Wanasayansi hukisia umri wake kwa lenzi ya jicho. Protini za kiini cha lenzi huundwa kabla ya kuzaliwa wala hazibadilishwi tena, na mojawapo ya asidi zake hugeuka umbo polepole mwaka hadi mwaka. Kipimo hicho kina kosa la miaka mingi, lakini dume mmoja alikadiriwa kuwa na miaka 211.

Ajabu ni kwamba mwili wenye tani 80 una chembehai nyingi mno kuliko wetu, na kila chembe inayojigawa ni nafasi ya kosa liletalo saratani. Kwa hesabu hiyo nyangumi angepaswa kufa mapema. Tembo ameepuka kwa njia ya kuua: ana nakala zipatazo 20 za jeni ambayo sisi tunayo moja tu kutoka kwa kila mzazi, nayo huiamuru chembe iliyoharibika ijimalize. Chembe za kobe wakubwa wa Galapagosi nazo, zikitaabishwa maabara, hujiua upesi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester walitarajia kuikuta silaha hiyohiyo kwa nyangumi. Hawakuikuta. Matokeo yao ya mwaka 2025 yalionyesha kuwa chembe zake huhitaji makosa machache kuliko zetu ili zigeuke saratani. Kinga yake iko mapema zaidi, kwenye kuzuia makosa yenyewe.

Uharibifu mbaya kuliko yote ni pale uzi wa vinasaba unapokatika pande zote mbili. Chembe ya binadamu huziunganisha ncha haraka, na mara nyingi hupoteza herufi kadhaa, kama fundi anayekata kitambaa kilichochanika ili apate pa kushonea. Watafiti walipoikata minyororo hiyo makusudi kisha wakaisoma baada ya kuungwa, ya nyangumi ilikuwa imerudi ilivyokuwa mara nyingi zaidi. Chembe zake zimejaa protini iitwayo CIRBP, karibu mara 100 kuliko zetu. Walipoiongeza kwenye chembe za binadamu, nazo zikaunga vizuri zaidi. Nzi wa matunda waliopewa wakaishi muda mrefu kidogo.

Hakuna mtu aliyekwisha kupewa protini hiyo, na kutoka nzi hadi mwili wetu ni mbali sana. Lakini mimi huvutiwa na jambo moja: sisi pia tunayo CIRBP, kidogo tu, na huongezeka chembe zinapopozwa kwa nyuzi chache.